Kampeni imeisha, magunia yameuzwa: ni sisi tuliuza ao ni mpaka ulitusaidia?

Hapa Lubumbashi kampeni ya kuuza ikiisha, rapore yake mara mingi inakuwa ni picha. Picha ya motari na megafoni, picha ya mama wanacheka wakishika mufuko wa unga, kisha pa mwisho kuko mstari moja mukubwa wenye unasema mauzo yalipanda kwa asilimia hamsini na kitu, patro anafurahi, wakala analipwa, na mwaka wenye kufuata wanafanya paka ile ile kampeni, mauzo hayapande, na hapo kila mtu anasema "watu hawana tena makuta". Mimi naona shida haiko makuta ya watu. Shida ni kwamba ile rapore ya kwanza haikusema ni nini ilifanya unga uuzike, ilisema tu kama uliuzika.

Nitachukua biashara ya unga wa mahindi juu kila mtu hapa anaielewa, bukari haiulizwe, na juu unga wa hapa kwetu uko na tabia moja yenye inadanganya kila rapore: sehemu kubwa ya mahindi na unga inatoka Zambia, inapita Kasumbalesa. Kule wakikohoa, hapa bei inapanda. Mwaka 2024 Zambia walipigwa na ukame mubaya, mwezi wa pili Rais Hichilema akatangaza ni janga la taifa, mahindi ikaanza kuwa ya kutafutwa. Kisha mu Agosti ya ule mwaka ikaongezeka ingine: Kongo ilisimamisha kuingiza bia na vinywaji baridi kutoka Zambia, watu wa transporti kule wakafanya maandamano, na Zambia ikafunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Ilikuwa siku chache tu, ila siku chache kwa mtu wa unga ni mingi, mama wa soko akisikia tu "mpaka umefungwa" hangoji kuona kama ni kweli, anaenda depo na anabeba.

Sasa fikiria uko na depo ya unga, na ni paka ule mwezi ulikuwa umepanga kampeni yako.

Tupige hesabu. Namba nazitunga mimi ili zikuwe rahisi kufuata, si za depo ya mtu. Depo iko na sehemu mbili za kuuzia, moja mu Katuba, moja mu Ruashi, inauza mifuko ya kilo 25 kwa mama wenye wanaenda kuipima kidogo kidogo ku soko. Kampeni ya wiki nne inafanywa mu Katuba tu: matangazo ya radio dola 180, motari na megafoni dola 60, na promosyo ya "nunua kumi, beba moja ya bure" yenye ilitoa mifuko 12 ya bure, kila moja patro aliinunua dola 15, ni dola 180 ingine. Jumla dola 420. Faida ku mufuko moja ni dola 3.

Wiki nne za mbele ya kampeni, Katuba iliuza mifuko 400. Wiki nne za kampeni ikauza 620. Rapore ya picha inaishia hapo: mifuko 220 zaidi, mara dola 3 ni 660, toa 420 ya matumizi, tumebakiza 240, asante wote, Mungu ni mkubwa.

Ila ile rapore haikuangalia Ruashi, na Ruashi njo iko na jibu. Mule hakukukuwa radio wala megafoni wala mufuko wa bure, lakini mauzo yakatoka 300 yakafika 390. Nani aliyapandisha? Mpaka. Woga wa kukosa unga ulipandisha Ruashi kwa asilimia 30, na hakuna sababu ya kuamini kwamba mama wa Katuba hakuwa na ule woga. Kwa hiyo Katuba bila kampeni yoyote ingetoka 400 ifike karibu 520. Kampeni yenyewe ilileta 100, ile 120 ingine ni Kasumbalesa iliileta, na Kasumbalesa haikutuma fakture.

Hii ni hesabu ya mutoto wa shule, hauitaji kompyuta, lakini ni watu wachache wanaifanya juu inataka kitu kimoja chenye kinaumiza mtu wa mauzo: uache sehemu moja bila kampeni kwa kusudi. Patro anauliza "sasa Ruashi juu ya nini tunaiacha, hatutaki makuta ya Ruashi?" Unaiacha ili ikuambie ukweli. Na inatoa vitu vingi kwa mara moja, si mpaka tu. Agosti ni mwezi wenye wazazi wanafunga mfuko juu rantre ya Septemba inakuja, kuko minerval, kuko iniforme, na ile inagusa Katuba na Ruashi sawasawa, basi ukiangalia tofauti ya hizo mbili, mambo ya rantre inajitoa yenyewe bila wewe kujua ni ya ngapi.

Iko na mipaka yake, lazima tuseme. Kama mama wa Ruashi alisikia kuna mufuko wa bure Katuba akapanda taksi akaenda kununua kule, basi Ruashi itaonekana imeshuka na Katuba itaonekana imepanda, na kampeni itajipa sifa mara mbili kwa mufuko moja. Dawa yake ni mu kaye ya depo: mwenye kuandika aongeze mustari wa kuuliza "unauzia soko gani?" mbele ya kuandika idadi. Jibu likikuwa Ruashi, ile mifuko unaihesabu kando.

Na kaye njo karatasi ya maana kupita zote mu hii kazi yote, kupita hata rapore ya wakala. Iko imechakaa, iko na mafuta ya mikono, majina si majina ni "Mama Jumeaux", "Mama wa kona", "Yaya wa makala", pa upande idadi, pa upande deni. Ukiifungua pa zile siku tatu za mwisho za promosyo utaona kitu: mama mwenye kila wiki anabeba mifuko mitatu, ile siku amebeba kumi na moja, kumi ya kulipa na moja ya bure. Geuza ukurasa, tafuta jina lake. Wiki ya kwanza kisha kampeni hayuko. Ya pili hayuko. Anarudi wiki ya tatu, anabeba paka mitatu yake ya zamani. Ule mama hakuongeza wateja ku meza yake, watu wake wanakula paka bukari ile ile, yeye alinunua tu mapema unga wenye angenunua kisha, na wewe ukamulipa mufuko moja ya bure ili afanye hivyo.

Njo maana rapore yenye inaandikwa siku kampeni inaisha haiwezi kuwa ya kweli, hata mwenye kuandika akuwe mutakatifu. Ngoja wiki nne zingine. Mu mfano wetu, mpaka ulishafunguliwa, woga ukaisha, Ruashi ikarudi ku 300 yake. Katuba nayo ilipashwa kurudi ku 400, lakini ikafanya 350. Hamsini zimekosa, na hazikupotea, zilishauzwa mwezi wa nyuma. Unazitoa ku zile 100. Kampeni ya kweli ilileta mifuko 50, mara dola 3 ni dola 150, na ilikula dola 420. Kutoka faida ya 240 tumefika hasara ya 270, paka ile depo, paka ule mwezi, paka zile kaye.

Hapa kuko watu watasema mwandishi anapenda kuharibu furaha ya watu. Hapana, furaha ilikuwa ya bei kali, hiyo tu.

Sasa, kusema kampeni ilipata hasara si mwisho wa rapore, juu ndani ya kampeni kulikuwa vitu tofauti vitatu vine na si vyote vilikuwa vibaya. Mufuko wa bure tumeuona, uliwavuta watu mapema tu. Radio je? Watu wanapenda kumuuliza mteja "ulitusikia wapi?" na mteja anajibu "ku radio" juu radio njo jibu lenye linakuja haraka, ao juu anataka kukufurahisha, mimi ile swali siiamini hata kidogo. Afazali utafute siku zenye radio haikusema. Tuseme wiki ya tatu emeteri ya radio ilikufa, umeme ulikatika na jenereta ya radio ikakosa mazutu, wiki nzima hakuna tangazo. Ni bahati mbaya, eh, lakini ni bahati mbaya yenye ilikufanyia kazi ya bure. Angalia mauzo ya Katuba wiki kwa wiki: 150, 160, 155, 155. Wiki yenye radio ilinyamaza haionekani. Si ushahidi wa kufunga mtu, juu mtu anaweza kusikia tangazo leo anunue wiki yenye kufuata, na wiki moja ni kidogo sana, lakini ukiwa na dola 180 mu mkono mwaka wenye kuja na unajiuliza kama utazipeleka paka radio, ile wiki ya kimya inakuambia kitu.

Kisha kuko kitu chenye hakikuwa mu mpango hata kidogo. Kijana wa depo, mwenye kuandika kaye, wiki ya pili aliona kwamba kuko mama 30 wa Katuba wenye hawajanunua tangu mwezi mzima, akaanza kuwapigia simu moja moja. "Mama, mbona umetupotea, tulikukosea nini?" Inite za dola 5. Mama 11 wakarudi. Na tofauti na wale wa mufuko wa bure, hawa unawaona mu kaye hata kisha kampeni, kila wiki, mitatu, mine, mitatu. Wamoja walisema waliondoka juu walipewa mufuko wenye ulikuwa na unyevu na hakuna mtu aliwabadilishia.

Kijana akisikia hii anataka kuandika "simu zilileta mama 11". Polepole. Tunafanya paka ile ya Ruashi. Chukua kaye ya Ruashi, tafuta nao mama 30 wenye walipotea mwezi mzima, wenye hakuna mtu aliwapigia. Tuseme 4 walirudi wenyewe, juu ya woga wa mpaka ao juu depo ya jirani iliisha unga. Basi simu zilileta karibu 7, si 11. Saba kwa dola 5, na wanabaki. Hakuna kitu ingine mu ile kampeni yote yenye inakaribia hapo, na haikukuwa hata ku afishi.

Ndio sababu mimi nasema ile karatasi ya kisha kampeni isigawanywe "mazuri" na "mabaya", juu mazuri mengi ni ya bahati na mabaya mengine nayo ni ya bahati. Igawanywe kwa kuuliza swali moja kwa kila mustari: tukitaka hii kitu irudilie tarehe tunayotaka sisi, tunaweza? Kufunga mpaka hatuwezi. Kupiga simu tunaweza. Radio kufa hatuwezi (na hatutaki). Na pa upande wa kila mustari andika unajua kupitia nini: kaye ya Katuba, kaye ya Ruashi, ile wiki ya tatu. Mustari wenye hauna kitu pa upande uitwe "tunafikiri", usiitwe "tunajua". Kurasa mbili zinatosha. Nimeona zenye kurasa 30 na mustari wa "tunafikiri" haumo hata moja.

Kuko bahati moja yenye inachanganya watu sana, lazima tuikalie kidogo. Depo yetu iliuza sana mu ile Agosti juu ilikuwa na unga ndani, wengine walikuwa wamekauka. Juu ya nini ilikuwa nao? Juu kamyo yake ilipita Kasumbalesa siku mbili mbele ya kufungwa. Patro atakuambia "mimi nilihisi". Muulize kwa heshima: papa, ile kamyo ulikuwa umeiitisha lini? Kama iliitishwa wiki tatu mbele kwa mzunguko wake wa kawaida, hakuna kuhisi, ni bahati, na inaenda pa upande wa bahati hata kama papa atanuna. Lakini kama depo iko na sheria yake kwamba stoki isishuke chini ya mauzo ya wiki mbili, hapo ni tofauti: mpaka kufungwa ni bahati, kukutwa na unga si bahati. Ile sheria inaenda pa upande wa kurudilia. Na bei yake iandikwe pale pale, juu unga wa kulala ni makuta ya kulala, na unga haulali vizuri, kisha muda wadudu wanaingia, na mvua ikianza pa Oktoba unyevu unapanda ku mifuko ya chini yenye imewekwa ku sima bila mbao. Mama wenye walipotea juu ya mufuko wenye unyevu wanatoka paka hapo.

Mambo ya nani anaandika nayo si ndogo. Wakala mwenye analipwa kwa asilimia ya mauzo hawezi kuandika peke yake kwamba mifuko 120 ililetwa na serikali ya Zambia, ni kumuomba ajikate mkono. Patro naye hawezi kuandika peke yake juu hakuna mtu atamwambia hapana. Muweke pa meza moja, mulete kijana wa kaye, na aongee wa kwanza, mbele ya patro, juu akiongea kisha patro ataitika tu "ndiyo papa". Na muwe na karatasi yenye iliandikwa mbele ya kampeni kuanza, yenye tarehe, inasema kila mtu alifikiri Katuba itauza ngapi. Patro alisema 600, wakala 700, kijana 450. Bila ile karatasi, siku ya bilani kila mtu alijua toka zamani. Ukiwa nayo unaona kwamba patro mwenye alisema 600 alikaribia sana ku namba na alikosea kabisa ku sababu, juu hakukuwa na mpaka mu hesabu yake. Ule njo mtu wa kumuangalia sana kampeni yenye kufuata, atakuwa na uhakika mingi.

Basi mu hii depo yetu, pa upande wa kurudilia mimi ningeandika vitu viwili tu. Stoki ya wiki mbili, yenye kuwekwa juu ya mbao. Na simu, lakini si kwa kupigia wote: mwezi wa kwanza wa kampeni yenye kuja kijana achukue orodha ya mama wenye walipotea, Katuba na Ruashi pamoja, apigie mustari wa kwanza, aruke wa pili, apigie wa tatu, aruke wa nne, hivyo hivyo paka chini, asichague mwenye anamupenda ao mwenye hana deni, kisha wiki nne zikiisha ahesabu ni wangapi walirudi kila upande. Kama wenye kupigiwa wanarudi kupita wengine na mpaka uko wazi, bei iko ya kawaida, hapo simu si bahati. Wale wenye alikuwa ameruka, awapigie mwezi wa pili.

Radio ningeipumzisha mara moja, nione nani atauliza iko wapi. Mufuko wa bure siurudilie, ao kama patro anang'ang'ana juu jirani anafanya, basi upewe mama mwenye amenunua wiki nne za kufuatana, si mwenye amebeba kumi siku moja, na kijana aandike mu kaye "bure" pa upande ili siku ya kuhesabu isihesabiwe kama imeuzwa.